Maili Kwenye Kibao, Kilomita Kichwani

Kwenye barabara kuu za Uingereza, zile zenye herufi M mbele ya namba, dereva anayekaribia njia ya kutokea hukutana na kibao kikubwa cha bluu. Kina jina la mji, kina namba ya barabara, na pembeni kimeandikwa “½ m”. Mwanafunzi aliyesoma Tabora, Mombasa au Bujumbura anaijua herufi hiyo tangu shule ya msingi: ni mita. Lakini nusu mita haiwezi kuwa umbali wa kutokea barabarani, kwa hiyo akili yake hukimbilia kilicho karibu na kudhani ni nusu kilomita. Sivyo. Kwenye kibao hicho herufi m ni maili, na nusu maili ni mita 805.

Kila mwaka vijana wetu wanakwenda kusoma nchi hiyo, na wengi wanadhani tatizo la maili ni la hesabu, kwamba ukishajua namba ya kuzidishia umemaliza. Namba ya kuzidishia ni rahisi. Kazi iliyopo ni kujua uko kwenye kizio gani, kwa sababu Uingereza haitumii maili peke yake wala kilomita peke yake. Petroli huuzwa kwa lita, bia ya bomba kwa painti. Shuleni somo la fizikia ni la mita na kilogramu, lakini nje ya lango la shule kibao cha mwendo kinahesabu maili. Uzito unaoruhusiwa juu ya daraja umeandikwa kwa tani za kilo 1,000, na umbali wa kulifikia daraja hilo umeandikwa kwa yadi. Mara nyingi kizio chenyewe hakitajwi kabisa. Namba inasimama peke yake, na msomaji anatakiwa awe anajua.

Kwetu maili si kitu kigeni kabisa. Barabara za Afrika Mashariki zilipimwa kwa maili wakati wa ukoloni, na majina kama Maili Moja ya Kibaha yamebaki ingawa vibao vya leo vinahesabu kilomita. Nchini Uganda, makubaliano ya mwaka 1900 kati ya Waingereza na Buganda yaligawa ardhi kwa maili za mraba, na ardhi ya namna hiyo inaitwa mailo hadi leo. Lakini kijana anayesafiri sasa hakuzaliwa katika hesabu hizo. Kwake maili ni neno la wazee.

Maili ina urefu gani hasa

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1593, enzi za Malkia Elizabeti wa Kwanza, ndiyo iliyoweka maili kuwa futi 5,280, ambazo ni sawa na yadi 1,760. Yadi ni futi tatu, na futi ni inchi kumi na mbili. Ugumu wa mfumo huu kwa mtu aliyezoea kumi, mia na elfu uko hapo: hakuna namba moja inayopandisha ngazi zote. Kutoka inchi kwenda futi unagawanya kwa 12, kutoka futi kwenda yadi kwa 3, kutoka yadi kwenda maili kwa 1,760.

Kwa muda mrefu yadi ya Uingereza na ya Marekani zilitofautiana kwa kiasi kidogo sana, kiasi ambacho fundi mwashi asingekiona lakini mtengeneza mashine angekiona. Mwaka 1959 nchi sita zilizokuwa zikitumia yadi, zikiwemo Uingereza, Marekani na Afrika Kusini, zilikubaliana kwamba yadi ni mita 0.9144 kamili. Ukizidisha kwa 1,760 unapata mita 1,609.344. Kwa hiyo maili moja ni kilomita 1.609344, na hiyo si namba iliyokadiriwa. Ndivyo maili inavyofafanuliwa: yadi ya leo haina kijiti chake chenyewe cha kupimia, inafafanuliwa kwa mita.

Kutoka hapo unatokea uwiano unaotumiwa kila mahali, kwamba maili 5 ni kilomita 8. Ukizidisha 5 kwa 1.609344 unapata 8.05, kwa hiyo uwiano huo unapungukiwa kidogo. Kwenye safari ya maili 100, uwiano wa 5 kwa 8 unakupa kilomita 160, na ukweli ni kilomita 160.9. Kwa kusoma kibao, pengo hilo halina madhara. Kwa mtihani, linaweza kuwa na madhara, na si kwa upande ambao wengi wanaudhania.

Swali la mtihani, hatua kwa hatua

Kijana wa England humaliza masomo ya lazima ya hisabati kwa mtihani unaoitwa GCSE, akiwa na miaka kama 16. Hata mtu mzima anayetaka kusomea ualimu huko hudaiwa ufaulu wa hisabati wa ngazi hiyo au unaolingana nayo. Maswali mengi ya mtihani huo ni ya mita na kilo. Lakini hutokea swali linalochanganya vizio, na hapo kwa kawaida uwiano hutolewa ndani ya swali lenyewe. Mtihani wa GRE wa Marekani, unaofanywa na wengi wanaoomba masomo ya uzamili, nao una desturi kama hiyo: swali likihitaji kubadili kizio, uwiano unaandikwa, isipokuwa ule ambao kila mtu anaujua kama wa dakika na saa.

Tuchukue swali la namna hiyo. Gari linasafiri maili 145 kwa mwendo wa wastani wa kilomita 80 kwa saa. Chukua kwamba maili 5 ni sawa na kilomita 8. Safari inachukua muda gani?

Mtahiniwa mwenye haraka anaona umbali, anaona mwendo, anagawanya. 145 gawanya kwa 80 ni 1.8125, yaani saa 1 na dakika 49 hivi. Likiwa swali la kuchagua, tarajia kulikuta jibu hilo miongoni mwa machaguo, kwa sababu mtunga maswali anajua njia hiyo itapitiwa. Ni jibu la swali ambalo halikuulizwa.

Kinga yake ni kuandika kizio pembeni ya kila namba kabla ya kugusa kikokotoo. Umbali: 145, maili. Mwendo: 80, kilomita kwa saa. Ukishaziandika hivyo unaona mara moja kwamba maili haziwezi kugawanywa kwa kilomita. Sasa badili umbali: 145 gawanya kwa 5 ni 29, na 29 mara 8 ni 232. Umbali ni kilomita 232. Hapo ndipo unagawanya: 232 kwa 80 ni saa 2.9.

Kazi haijaisha, kwa sababu saa 2.9 si saa 2 na dakika 9, wala si saa 2 na dakika 90. Ile 0.9 ni sehemu ya saa, na saa ina dakika 60. Kwa hiyo ni 0.9 mara 60, yaani dakika 54. Jibu ni saa 2 na dakika 54.

Mtu aliyejisomea vizuri anaweza kuukataa uwiano uliotolewa na kutumia 1.609 aliyoikariri, akijua ni sahihi zaidi. Akifanya hivyo atapata kilomita 233.3 hivi, na muda wa saa 2 na dakika 55. Namba yake iko karibu zaidi na ukweli wa barabarani, lakini si jibu la swali hilo. Swali limesema “chukua kwamba”, na msahihishaji ana mwongozo uliopigwa kwa uwiano huo. Ukipewa uwiano ndani ya swali, uutumie huo huo hata kama unajua ulio bora. Ile namba ndefu iweke kwa ajili ya swali lisilokupa chochote, au kwa maabara.

Kosa la pili linalojirudia ni la kugeuza upande: mtu anazidisha kwa 5 na kugawanya kwa 8 pale alipotakiwa kufanya kinyume. Kwenye swali letu angepata kilomita 90.6. Kuligundua hakuhitaji hesabu mpya. Kilomita ni fupi kuliko maili, kwa hiyo umbali ule ule utakuwa na kilomita nyingi kuliko maili. Namba ya kilomita ikitoka ndogo kuliko ya maili, umegeuza upande. Jaribio hilo ni la sekunde tatu, na linafaa kufanywa kila mara.

Eneo ndilo linalowaangusha wazuri

Kuna swali ambalo hata wanafunzi wenye nidhamu ya kuandika vizio hulikosa. Hifadhi ya msitu ina ukubwa wa maili za mraba 3. Kwa uwiano ule ule wa 5 kwa 8, ni kilomita za mraba ngapi?

Mwanafunzi anajua maili moja ni kilomita 1.6, anazidisha 3 kwa 1.6, anapata 4.8. Kizio ameandika, upande hakugeuza, namba imekua kama ilivyotakiwa. Na bado amekosa.

Chora mraba wenye upande wa maili moja. Upande wake mmoja ni kilomita 1.6, na upande wa pili nao ni kilomita 1.6. Eneo lake ni 1.6 mara 1.6, yaani kilomita za mraba 2.56. Ndani ya maili moja ya mraba zimo zaidi ya kilomita mbili na nusu za mraba. Kwa hiyo maili za mraba 3 ni 3 mara 2.56, yaani kilomita za mraba 7.68. Uwiano wa urefu unatakiwa uzidishwe mara mbili kwa sababu eneo lina pande mbili. Ingekuwa ujazo, ungezidishwa mara tatu.

Tofauti kati ya 4.8 na 7.68 si ndogo. Mtu anayeijua ardhi ya mailo ataielewa kwa haraka: maili moja ya mraba ni eka 640, karibu hekta 259, na ukiihesabu kwa 1.6 badala ya 2.56 umempokonya mwenye ardhi zaidi ya theluthi moja ya shamba lake.

Kubadili bila kikokotoo

Barabarani hakuna nafasi ya kugawanya kwa 5 na kuzidisha kwa 8. Njia inayokaa kichwani ni hii: chukua namba ya maili, ongeza nusu yake, kisha ongeza sehemu yake ya kumi. Maili 70: nusu yake ni 35, sehemu ya kumi ni 7, jumla 112. Maili 30: 15 na 3, jumla 48. Njia hiyo ni ile ile ya 1.6, ila imevunjwa katika vipande ambavyo akili inaweza kuvibeba huku macho yakiwa mbele.

Kurudi upande wa pili, kutoka kilomita kwenda maili, chukua nusu ya namba kisha ongeza robo ya hiyo nusu. Kilomita 80: nusu ni 40, robo ya 40 ni 10, jumla maili 50. Kilomita 120: 60 na 15, jumla 75.

Kwa mwanafunzi anayetafuta chumba, hesabu yenye faida zaidi ni ya miguu. Mtu anayetembea mwendo wa kawaida humaliza maili moja kwa dakika 20 hivi, na kilomita moja kwa dakika 12 hivi. Tangazo likisema nyumba iko maili 2 kutoka chuoni, mgeni huisoma 2 kama kilomita mbili, matembezi ya dakika 24, na anasaini mkataba. Asubuhi ya kwanza ya vipindi anatembea kilomita 3.2, kama dakika 40, na jioni anazirudia. Kwa mkataba wa mwaka mzima, dakika hizo 16 za nyongeza kila upande huishia kuwa nauli ya basi ambayo haikuwekwa kwenye bajeti.

Kusoma vibao vya barabara kuu

Turudi kwenye barabara zenye herufi M. Kibao kinachokuthibitishia uko kwenye njia sahihi huorodhesha miji na namba: Leicester 30, kwa mfano. Hakuna m, hakuna km. Namba tupu kwenye kibao cha umbali Uingereza ni maili, na imekaribishwa kwenye maili nzima. Leicester hiyo iko kilomita 48 mbele. Kwa London, umbali huhesabiwa hadi mahali paitwapo Charing Cross katikati ya jiji, kwa hiyo anayeishia kitongoji cha pembeni atafika kabla namba haijaisha.

Njia ya kutokea hutangazwa kwa mpangilio ambao ukiujua unakupa muda. Kwa kawaida kibao cha kwanza kiko maili moja kabla, cha pili nusu maili kabla. Kisha zinakuja alama tatu ndogo za bluu zenye mistari myeupe ya mshazari. Ya kwanza ina mistari mitatu, nayo iko yadi 300 kabla ya njia ya kutokea kuanza. Ya pili ina mistari miwili, yadi 200. Ya mwisho ina mmoja, yadi 100. Alama hizi hazina namba wala herufi. Mistari ndiyo ujumbe.

Umbali huo ugeuze kuwa muda, kwa sababu muda ndio anaouhitaji dereva. Mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa gari dogo kwenye barabara hizo ni maili 70 kwa saa. Hiyo ni kilomita 112 na ushei kwa saa, au mita 31 kila sekunde. Kwa mwendo huo maili moja inaisha kwa sekunde 51. Nusu maili inaisha kwa sekunde 26. Yadi 300, ambazo ni mita 274, zinaisha kwa sekunde 9 hivi. Anayesubiri alama ya mistari mitatu ndipo aanze kutafuta nafasi ya kuhamia upande wa kushoto amejiachia sekunde tisa za kuangalia vioo, kuwasha taa ya kuashiria na kupita mbele ya lori. Kibao cha nusu maili ndicho cha kuanzia kazi hiyo.

Kwa yadi kuna njia ya haraka: ichukulie kama mita, kisha punguza sehemu ya kumi. Yadi 200 zinakuwa mita 180, na ukweli ni 183. Kwenye vibao vya ukarabati wa barabara zimeandikwa “yds”.

Kando ya barabara hizo hizo kuna vibao vingine vidogo vinavyomchanganya hata Mwingereza. Vimesimama kila baada ya mita 500 na vina mistari mitatu ya maandishi: namba ya barabara, herufi ya upande unaokwenda, kisha namba yenye desimali, mfano 123.5. Namba hiyo ni kilomita. Ni mahali ulipo kwenye barabara, na ndiyo utakayoulizwa gari likiharibika na ukapiga simu ya msaada. Kwa hiyo dereva aliye kwenye M1 anaweza kuwa na maili upande mmoja wa kioo na kilomita upande wa pili, na hakuna kibao kati ya hivyo viwili kinachotaja kizio chake. Kibao cha bluu kikubwa chenye majina ya miji ni maili. Kidogo chenye desimali ni kilomita. Isome kama ilivyo kwa anayepokea simu. Usiigeuze, maana rekodi zake nazo ziko hivyo hivyo.

Kimo cha daraja nacho kina kizio chake. Mwanafunzi anayehama chumba kwa gari la kukodi lenye bodi refu atakutana na kibao cha duara jekundu kilichoandikwa 10'6". Alama moja ni futi, alama mbili ni inchi. Futi 10 na inchi 6 si futi 10.6, kwa sababu inchi 6 ni nusu ya futi. Ni futi 10.5, sawa na mita 3.2. Kanuni za alama za barabarani za mwaka 2016 zinataka vibao vipya vya kimo vionyeshe futi na mita pamoja, lakini kwenye njia za zamani utakuta vile vya futi pekee. Soma kimo cha gari ndani ya kibanda cha dereva kabla hujaondoka, na ukiandike kwa vizio vyote viwili.

Mtihani wa udereva: mita juu, futi chini

Mwenye leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda anaruhusiwa kuendesha Uingereza kwa miezi 12 tangu aanze kuishi huko. Baada ya hapo anatakiwa kufanya mtihani wa nchi hiyo, unaoanza na wa nadharia wenye maswali 50. Anayepata 43 amefaulu. Ndani yake huulizwa umbali wa kusimama, yaani gari linasafiri umbali gani tangu dereva aone hatari hadi magurudumu yasimame. Mwendo unatajwa kwa maili kwa saa, na majibu yako kwa mita.

Jedwali rasmi linasema kwa maili 30 kwa saa gari linahitaji mita 23. Kwa maili 60 linahitaji mita 73. Kwa maili 70 linahitaji mita 96. Wanafunzi wengi huzikariri namba hizi kama zilivyo, na zinawaponyoka kwa sababu hazionyeshi mpangilio. Zimekaa hivyo kwa sababu mpangilio wake uko kwenye futi.

Sehemu ya kwanza ni umbali wa kufikiri, kabla mguu haujagusa breki. Kwenye jedwali hilo, kwa kila maili moja ya mwendo unahesabu futi moja: maili 30 ni futi 30, maili 60 ni futi 60. Sehemu ya pili ni umbali wa breki zenyewe. Zidisha mwendo kwa mwendo, kisha gawanya kwa 20, unapata futi. Kwa maili 30: 30 mara 30 ni 900, gawanya kwa 20 ni futi 45. Jumla ni 30 na 45, yaani futi 75. Futi moja ni mita 0.3048, kwa hiyo futi 75 ni mita 22.9, na jedwali linasema 23. Kwa maili 60: futi 60 za kufikiri, na 3,600 gawanya kwa 20 ni futi 180 za breki. Jumla futi 240, mita 73.

Ukiielewa hesabu hiyo huna haja ya kukariri, na unaona jambo ambalo namba za mita zimelificha. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka 30 hadi 60, umbali wa kufikiri unaongezeka mara mbili, lakini umbali wa breki unaongezeka mara nne, kutoka futi 45 hadi 180. Ni namba za barabara kavu na gari zima. Kwenye mvua unatakiwa kujiachia angalau mara mbili ya nafasi.

Aliyezoea kilomita anaingia kwenye mtego wake hapa. Akisoma “60” akiwa na picha ya kilomita 60 kwa saa, mwendo wa barabara ya mjini kwetu, mita 73 zitaonekana nyingi mno na atachagua jibu dogo. Kilomita 60 kwa saa ni maili 37, na kwa mwendo huo gari husimama ndani ya mita 32 hivi. Hisia zake si mbovu. Zimepimwa kwa kizio kingine.

Mpaka usio na kizuizi

Mahali ambapo haya yote yanakutana ni kati ya Newry, iliyo Ayalandi ya Kaskazini na hivyo ndani ya Uingereza, na Dundalk, iliyo Jamhuri ya Ayalandi. Wapo wanaoishi upande mmoja na kusoma upande wa pili. Hakuna kizuizi barabarani wala askari wa kukusimamisha. Kinachobadilika ni vibao.

Jamhuri ilianza kugeuza vibao vya umbali kuwa vya kilomita tangu miaka ya 1970, lakini vibao vya mwendo vilibaki vya maili hadi tarehe 20 Januari 2005. Kwa karibu miaka thelathini dereva wa huko alisoma umbali kwa kizio kimoja na mwendo kwa kingine. Siku ya mabadiliko ilipofika, waliona hatari ya mtu kuona 100 na kuiendesha kama maili, yaani kilomita 160 kwa saa. Kwa hiyo kila kibao kipya cha mwendo kiliandikwa “km/h” chini ya namba. Upande wa Uingereza kibao cha mwendo hakina maandishi yoyote isipokuwa namba.

Kutokana na hilo mpaka unasomeka. Namba ile ile, 60, upande wa kaskazini ni kilomita 97 kwa saa; upande wa kusini, ikiwa na km/h chini yake, ni maili 37 tu. Anayetoka kusini akiwa na gari lenye kipima mwendo cha kilomita atakwenda polepole kupita kiasi na kuwazuia wenzake. Anayetoka kaskazini akiwa na gari la maili, asipoona km/h, atakwenda mara 1.6 ya kinachoruhusiwa.

Magari mengi ya Uingereza yana duara mbili kwenye kipima mwendo: la nje lenye namba kubwa ni la maili, la ndani lenye namba ndogo ni la kilomita. Ya kisasa yenye kioo cha kidijitali hubadilishwa kwenye mipangilio, na ni vizuri kujua kitufe kiko wapi kabla hujafika mpakani. Kwenye kibao cha kwanza cha mwendo baada ya Newry, angalia chini ya namba kabla ya kuangalia namba yenyewe. Ukiiona km/h, fuata duara la ndani. Usipoiona, bado uko kwenye maili, na duara lako ni la nje.